Blezia na jinzi: mwongozo kamili wa kuvaa ukaonekana nadhifu, si nusu suti

Kila Jumamosi jioni, hapa Mwanza, ukisimama nje ya kumbi za sherehe pale Kirumba au ukipita Barabara ya Kenyatta watu wanapotoka kazini, utawaona wanaume waliovaa koti na jinzi, na utaona pia kwamba wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza limependeza na mtazamaji hawezi kusema mara moja ni kwa sababu gani. Kundi la pili limevaa vitu vya bei ileile au hata ya juu zaidi, lakini kila mmoja anaonekana kama mtu aliyevaa suti, suruali ikachafuka njiani, akaazima jinzi ya rafiki yake. Mimi ni fundi nguo, na mwongozo huu unahusu tofauti hiyo: inatokana na nini hasa, na unaweza kuirekebisha vipi kuanzia kwenye ununuzi wa koti hadi kwenye upindo wa suruali. Nimewaandikia wanaume kwa sababu ndio ninaowashonea, ingawa sehemu kubwa ya yanayofuata yanawafaa wanawake pia, isipokuwa vipimo vya urefu wa koti.

Chanzo cha tatizo ni umbali uliopo kati ya vitambaa viwili. Jinzi ilizaliwa kuwa nguo ya kazi ngumu: tarehe 20 Mei 1873 Jacob Davis na Levi Strauss walipewa hataza nchini Marekani kwa ajili ya suruali zilizokazwa mifukoni kwa ribiti za shaba, ili zisichanike mapema kwa wafanyakazi wa sulubu. Koti la suti lina asili nyingine kabisa, kwa kuwa kitambaa chake ni chembamba, laini na chenye mng'ao kidogo, na lilikatwa likisubiri suruali ya kitambaa hichohicho chini yake. Ukiviweka viwili hivi pamoja bila maandalizi, jicho linauliza suruali ya koti iko wapi. Kwa hiyo kazi yetu ni kuvisogeza vyote viwili vikutane katikati: koti lishuke ngazi moja kutoka kwenye urasmi, na jinzi ipande ngazi moja kutoka kwenye ugumu wake. Anayesogeza upande mmoja tu hubaki na pengo lilelile.

Hatua ya kwanza: hakikisha ulicho nacho ni blezia na si koti la suti lililofiwa na suruali

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na ndiyo maana nitakaa hapa kwa muda. Chukua koti ulilo nalo, lipeleke dirishani au nje, uliinamishe kidogo upande wa mwanga. Kitambaa cha suti kitarudisha mwanga kwa mng'ao ulio sawa kila mahali, na ukipitisha kidole juu yake hakitakwama popote. Kitambaa cha blezia kinanyonya mwanga, na ukikitazama kwa karibu unaona msuko wake: nyuzi nene zilizopishana kama mkeka mdogo, au vijistari vinavyopinda huku na huku kama mifupa ya sato, au pamba nzito iliyokauka kidogo mkononi. Msuko huo unaoonekana ndio unaolifanya koti lizungumze lugha moja na jinzi, kwa kuwa jinzi nayo ni kitambaa ambacho msuko wake wa mshazari unaonekana kwa macho. Kitambaa chenye mistari myembamba ya chaki hakina njia ya kuokolewa, kwa sababu mistari hiyo ni ya suti na kila mtu anaifahamu.

Baada ya kitambaa, tazama mifuko. Mfuko wa nje ulioshonewa juu ya koti, kiraka kamili kinachoonekana pande tatu, ni dalili nzuri kuliko zote. Mfuko uliochanwa ndani ukiwa na mdomo mwembamba usio na kifuniko ni wa suti. Mfuko wenye kifuniko uko katikati na unakubalika ikiwa kitambaa kimefaulu mtihani wa mwanga. Kisha tazama vifungo: vya suti huwa na rangi ileile ya kitambaa na hung'aa, ilhali vya blezia hutofautiana nacho, kwa mfano vya kahawia vyenye mawimbi ya pembe juu ya koti la bluu au la kijivu. Mwisho bonyeza bega. Ukikuta pedi nene iliyosimama kama ubao, koti hilo litakupa mabega ya mkutano wa bodi juu ya miguu ya mtembezi.

Mtu mwenye koti la suti asilitupe kabla ya kumwona fundi. Kubadilisha vifungo ni kazi ndogo, na koti la kijivu au la kahawia lisilong'aa sana hubadilika sura kabisa likipewa vifungo vya kahawia vilivyofifia. Kutoa pedi ni jambo la hatari zaidi. Bega lilikatwa likiwa na nafasi ya pedi ile, na ukiiondoa yote kitambaa hulegea na kutengeneza shimo juu ya mkono. Mimi hufungua bitana, nikatoa tabaka moja au mawili ya pamba ya pedi, nikaacha lile jembamba la chini. Koti la bluu iliyokoza la poliesta inayong'aa siligusi, kwa sababu hata vifungo vikibadilishwa mng'ao unabaki, na mteja atakuwa amelipa bure.

Kama unanunua, soko la mitumba la Mlango Mmoja lina makoti mengi ya namna hii kuliko maduka mengi ya nguo mpya, kwa kuwa makoti ya mitumba mara nyingi yametoka nchi za baridi ambako blezia ya sufu au pamba ni nguo ya kila siku. Nenda asubuhi ukiwa umevaa shati utakalolivalia koti. Usiangalie rangi kwanza. Pitisha mkono kwenye msururu wa makoti yaliyotundikwa, na simama pale vidole vyako vinapokutana na kitambaa chenye ukwaru. Halafu geuza koti ndani nje. Bitana iliyofunika nusu tu ya mgongo ni neema kwa hali ya hewa yetu, na nitaeleza sababu yake mbele. Nusa kwapani, na chunguza kola kwa ndani pale shingo inapogusa, kwa maana harufu ya kwapa iliyozeeka kwenye bitana na mafuta yaliyoganda kwenye kola ni vitu viwili ambavyo pasi na sabuni haviondoi.

Hatua ya pili: mabega kwanza, mengine baadaye

Fundi anaweza kupunguza kiuno cha koti, anaweza kufupisha mikono, lakini bega likikosewa limekosewa. Kulihamisha kunataka mikono yote ifumuliwe na kushonwa upya, na mara nyingi gharama inazidi bei ya koti. Vaa koti, simama kando ya ukuta, kisha uuegemee taratibu kwa ubavu. Kinachotakiwa kugusa ukuta kwanza ni mkono wako wa juu. Ikiwa bega la koti limegusa kabla yako, koti ni kubwa, lirudishe.

Bega likikaa sawa, funga kifungo kimoja. Kwa koti la vifungo viwili ni cha juu, na cha chini hakifungwi kamwe. Kwa koti la vifungo vitatu ni cha katikati. Mikunjo ikitoka kwenye kifungo na kusambaa pande nne kama herufi X, tumbo limebanwa. Ukiweza kuingiza ngumi yako nzima kati ya kifungo na tumbo na bado ikabaki nafasi, kiuno kipunguzwe. Urefu unaofaa kwa jinzi ni pungufu kidogo ya ule wa suti, kiasi cha sentimita 2 hadi 3: koti lifunike sehemu kubwa ya makalio lakini lisiyapite. Koti refu juu ya jinzi hufupisha miguu, na hapo ndipo mtu anapoonekana amevaa koti la kaka yake. Fundi anaweza kukata sentimita hizo 2 au 3 chini; akizidisha, mifuko itakaa karibu mno na upindo na koti litapoteza ulinganifu wake.

Mikono ya koti iishie kwenye mfupa wa kifundo cha mkono, yaani pale kiganja kinapoanzia, ili shati lichungulie kwa sentimita moja au moja na nusu. Kabla hujamwambia fundi afupishe, tazama kama matundu ya vifungo vya mkononi yanafunguka kweli. Yakiwa yanafunguka, mkono haufupishwi kwa chini bila kuyaharibu.

Kuna mambo madogo mawili ambayo huyaona karibu kila wiki, na yote hutatuliwa kwa mkasi. Koti jipya hutoka kiwandani likiwa na mpasuo wa nyuma uliofungwa kwa uzi mnene uliopishana kama X, pamoja na kitambulisho cha kampuni kilichoshikizwa kwa uzi juu ya mkono wa kushoto. Vyote viwili ni vya safari na dukani. Kata uzi wa mpasuo, vinginevyo koti litavutika kila ukikaa, na ng'oa kitambulisho cha mkononi taratibu bila kuuchana uso wa kitambaa. Uzi unaofunga midomo ya mifuko ya nje unaweza kuuacha, kwa sababu unaizuia mifuko isijae simu na funguo ikavimba.

Hatua ya tatu: jinzi inayokaa kiunoni, si kwenye nyonga

Watu wakizungumzia jinzi ya kuvalia blezia huanza na rangi, lakini kwa uzoefu wangu kosa kubwa zaidi liko kwenye kimo cha kiuno. Kifungo cha koti kimewekwa usawa wa kitovu au chini yake kidogo, na kuanzia hapo koti linafunguka kuelekea chini. Suruali ya suti huja juu na kukutana na ufunguzi huo. Jinzi inayokaa chini kwenye nyonga haifiki, na matokeo yake ni pembetatu ya shati inayoonekana chini ya kifungo, halafu bakoli ya mkanda, halafu suruali. Pembetatu hiyo ndiyo inayomfanya mtu aonekane hajamaliza kuvaa, hata kama koti limekaa vizuri na shati limepigwa pasi. Shati likiwa jeupe inaonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

Ipime kwa futikamba. Laza jinzi mezani, pima kutoka kwenye makutano ya mishono ya msamba hadi ukingo wa juu wa ukanda wa kiunoni kwa mbele. Kwa mwanaume wa kimo cha kati, sentimita 26 hadi 28 zitafikisha suruali mahali panapostahili. Ikiwa ni sentimita 22 au 23, hiyo ni jinzi ya kuvaliwa na fulana, na hakuna fundi anayeweza kuongeza kitambaa ambacho hakikuwepo. Kisha hakikisha kwa macho: vaa jinzi, chomekea shati, vaa koti, funga kifungo chake, simama mbele ya kioo mikono ikiwa imening'inia. Ukiona pembetatu, badilisha jinzi kabla ya kufikiria kitu kingine.

Mguu uwe umenyooka au umebana kidogo kuelekea chini. Modo inayoshika ndama ya mguu hulifanya koti lionekane pana kupita kiasi, na bwanga huondoa unadhifu wote ulioujenga juu. Jinzi ikilazwa mezani, upana wa mguu kwenye upindo ukiwa kati ya sentimita 17 na 19 unawafaa wengi. Uzito wa kitambaa nao una maana katika jiji hili lenye joto la mchana: denimu ya wansi 10 hadi 12 kwa yadi ya mraba ina uzito wa kutosha kunyooka bila kukupika. Nyuzi za kuvutika zikiwa asilimia moja au mbili si tatizo, lakini zikizidi magoti huvimba baada ya saa chache za kukaa, na ukisimama unabaki umeinama miguuni.

Chagua jinzi isiyochanika, isiyopauka mapajani, isiyo na michoro mifukoni. Halafu tazama uzi wa mishono. Uzi wa rangi ya chungwa ni wa asili ya jinzi na hauna ubaya wowote, ila uzi wa bluu unaofanana na kitambaa huipandisha suruali ngazi nzima, na ni jambo ambalo mtazamaji hatalitambua ila ataliona matokeo yake.

Hatua ya nne: rangi zitofautiane waziwazi

Kosa linalowakamata hata watu makini ni kuvaa koti la bluu iliyokoza juu ya jinzi ya bluu iliyokoza. Mtu hudhani amelinganisha, kumbe amekaribisha ulinganisho. Rangi mbili zinazokaribiana bila kufanana huonekana kama suti iliyofuliwa nusu, suruali ikapauka na koti likabaki. Kanuni ninayowapa wateja ni kwamba mtu aliyesimama hatua kumi kutoka kwako aweze kusema bila kusita kuwa koti ni rangi moja na suruali ni nyingine.

Kwa jinzi ya bluu iliyokoza, koti la kijivu cha kati, la kahawia au la kijani cha jeshi linafanya kazi karibu kila wakati. Ukiwa na koti la bluu iliyokoza na hutaki kuliacha, vaa jinzi ya kijivu, au ya bluu ya kati iliyopauka kwa usawa mguu mzima. Jinzi nyeusi inakubali koti la kijivu, lakini inalikataa koti jeusi kwa sababu ileile, kwa kuwa weusi wa pamba na weusi wa sufu haufanani ukiwa juani. Hukumu ya rangi ifanyike nje. Taa za ndani ya duka hudanganya sana, hasa katikati ya bluu na nyeusi, na ndiyo maana muuzaji mwungwana hakuzuii kutoka na koti hadi mlangoni.

Mfano mmoja uliokamilika

Nieleze kazi moja kwa undani, kwa kuwa ndani yake hatua zote zinaonekana. Kijana mmoja anayeishi Buzuruga alikuja akiwa na mfuko wenye koti la suti aliyoishonesha kwa ajili ya harusi yake: bluu iliyokoza, kitambaa laini, vifungo vya bluu vinavyong'aa. Ijumaa iliyofuata alikuwa na kazi ya kuwasilisha taarifa ya mradi mbele ya wageni kwenye hoteli moja ya Capri Point, na mwaliko ulisema mavazi yawe nadhifu lakini si rasmi.

“Fundi, koti hili bado jipya kabisa,” aliniambia. “Nataka unibanie kiuno tu, nivalie na jinzi hii niliyovaa.”

Jinzi aliyovaa ilikuwa ya bluu iliyokoza, imepauka mapajani, na futikamba ilitoa sentimita 22 kutoka msambani hadi kiunoni. Nilimwomba avae koti na kulifunga, nikamgeuza kwenye kioo. Pembetatu ya shati ilionekana, na bluu mbili zilikuwa zinashindana.

“Kaka, koti hili mrudishie suruali yake,” nilimjibu. “Ukilibana kiuno leo, utakuwa umeharibu suti na hujapata blezia.”

Alikwenda Mlango Mmoja kesho yake na kurudi na koti la kijivu la sufu na pamba lenye msuko wa mkeka, mifuko ya kiraka, bitana ya nusu mgongo. Mabega yalipita mtihani wa ukuta. Mikono ilizidi sentimita 2, na matundu ya vifungo yalikuwa ya pambo tu, hivyo niliifupisha kwa chini. Kiuno nilikipunguza sentimita 3 kwa kuugawa upunguzaji kwenye mishono ya pembeni. Vifungo vilikuwa vya kijivu, nikaweka vya kahawia vinavyokwenda na mkanda wake. Jinzi mpya aliipata dukani, bluu iliyokoza, uzi wa bluu, sentimita 27 kimo cha kiuno. Nilimkatalia kuikata siku hiyo. Nikamwambia akaifue kwanza.

Hatua ya tano: upindo

Sababu ya kumkatalia ni kwamba pamba hunywea ikifuliwa, na jinzi iliyokatwa ikiwa haijaguswa na maji inaweza kupanda juu ya kifundo cha mguu wiki moja baadaye. Ifue mara moja, ikauke, kisha uivae ukiwa na viatu utakavyovaa siku hiyo, fundi apime ukiwa umesimama wima na unatazama mbele. Ukiinama kuangalia, kipimo kinapotea. Kitambaa kiguse sehemu ya juu ya kiatu na kujikunja mara moja kidogo, au kisijikunje kabisa. Kitambaa kikilundikana juu ya kiatu, kazi yote ya juu inaharibika, kwa kuwa jicho la mtazamaji hushuka na kuishia hapo. Kukunja jinzi kwa nje nako hakufai kwenye vazi hili.

Mwambie fundi atumie uzi mnene wa jinzi, wa rangi ya mishono iliyopo, na mshono mmoja ulionyooka kama sentimita moja na nusu kutoka ukingoni. Uzi mwembamba wa shati kwenye upindo wa jinzi hujulisha mara moja kwamba suruali imefupishwa. Fundi mwenye subira anaweza pia kukata juu ya upindo wa asili na kuurudishia mahali pake, ila kwa mguu uliobana sana njia hiyo huacha ungio linaloonekana.

Shati, mkanda na viatu

Shati linafuata kanuni ileile ya katikati. Shati la pamba lenye uso wa ukwaru kidogo, kola yake ikiwa na vifungo vidogo vya kuishikilia, ndilo bora, kwa sababu kola husimama yenyewe chini ya koti bila tai. Kola laini inayolala na kuzama chini ya kola ya koti ni chanzo kingine cha sura ya kutokamilika. Shati lichomekewe. Fulana ya rangi moja, nzito, yenye shingo iliyokaza inawezekana kwa jioni ya mapumziko, lakini si kwa kazi.

Mkanda wa suti ni mwembamba na huelea ndani ya vishikio vya jinzi. Tafuta wa ngozi wenye upana wa sentimita 3 na nusu, bakoli ndogo isiyo na nembo. Viatu viwe vya ngozi ya kahawia isiyong'aa sana: moka, buti fupi, au vya kamba vyenye pua ya mviringo. Viatu vyeusi vya pua ndefu iliyochongoka ni vya suti, na vikiwekwa chini ya jinzi vinarudisha swali lilelile la suruali iliyopotea. Raba nyeupe safi zinaruhusiwa na koti lenye bega laini tu, na vumbi la njia zetu za mawe halizipi nafasi kubwa ya kubaki nyeupe.

Joto, bodaboda na rangi inayohama

Mwanza iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake ni wa wastani, lakini saa saba mchana joto hukaribia nyuzi 28 au 29 na unyevu wa ziwa unakaa mwilini. Kinachomchemsha mvaaji mara nyingi ni bitana ya poliesta kuliko kitambaa chenyewe, kwa sababu haipitishi jasho. Ndiyo maana nasisitiza bitana ya nusu mgongo. Kitani kinapoza kuliko vyote na mikunjo yake inavumilika kwenye vazi hili, ingawa wasioipenda mikunjo wachague pamba iliyochanganywa na kitani au sufu nyepesi.

Usivae koti kwenye bodaboda wala kwenye daladala iliyojaa. Lishike mabegani kwa ndani, geuza bega moja ndani nje, ingiza bega la pili ndani ya lile la kwanza ili bitana yote iwe nje, kisha likunje mara mbili kwa urefu na uliweke kwenye begi juu ya vitu vingine. Likifika, litundike dakika chache bafuni au karibu na dirisha kabla ya kulivaa. Mikunjo itakayobaki huwa kwenye bitana, si usoni.

Jinzi mpya ya bluu iliyokoza ina tabia moja inayohitaji tahadhari. Rangi yake ya nili haizami hadi kiini cha uzi, inakaa juu juu, na kwa hiyo huhamia kwenye kitu chochote inachosuguana nacho. Wahanga wa kwanza ni bitana ya rangi ya krimu, upindo wa shati jeupe lililochomekewa, na viatu vya ngozi ya rangi ya mchanga. Futa paja kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kikitoka na bluu, ifue tena peke yake kwa maji baridi ikiwa imegeuzwa ndani nje, na uianike kivulini, kwa maana jua la mchana huipausha kwa madoa pale inapokunjika kwenye kamba.

Mahali ambapo vazi hili lisivaliwe

Blezia na jinzi hata vikipangwa vizuri namna gani ni vazi la katikati, na zipo shughuli zisizotaka katikati. Usilivae mahakamani, kwenye usaili wa kazi ya benki au ya serikali, wala kwenye kikao cha posa unapokwenda kwa wazee wa upande wa pili, ambao wataitazama jinzi kabla ya kukusikiliza. Kanisani siku ya harusi, kama wewe ni mmoja wa wasimamizi, vaa suti. Kwenye semina, uwasilishaji wa mradi, kikao cha wafanyabiashara, sendi-ofu ya jioni au chakula cha usiku kando ya ziwa, lipo mahali pake, na ukikaa kitini fungua kifungo cha koti, ukisimama kifunge tena.